Tangazo Lisilomtaja Mtu

Lile tangazo bado lipo. Limebandikwa kwenye kioo cha mapokezi, na jingine nyuma ya mlango wa kila chumba, ambako mvuke wa bafuni umeanza kulikunja pembe. Mimi ni mlinzi wa geti pale, kwa hiyo nilikuwepo likitungwa, na kuna maneno yaliyotolewa mle kwa sababu mimi nilifungua mdomo. Mdomo ndio ninao. Kalamu sikuizoea. Shule niliiacha nikiwa bado nasoma kwa kufuatisha kidole. Kaka yangu aliugua, kahawa ilikuwa imeiva, nikaitwa shambani nisaidie kidogo, na hicho kidogo kikawa maisha yote.

Loji yenyewe iko Tunduma, ndani kidogo ya barabara kuu, kule malori yanakopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Zambia. Wageni wetu wengi ni watu wa biashara: akina mama wa Zambia wanaofuata vitenge na vyombo, madalali wa mazao, na mara mojamoja dereva aliyechoka kulala kwenye lori lake. Getini pameandikwa "Mbwa Mkali". Mbwa hakuna na hajawahi kuwepo. Mwenye loji alimkuta fundi amebakiza rangi kwenye kopo, akaona isipotee bure, akamwambia aandike hivyo. Mgeni wa mara ya kwanza lazima asimame aulize, "Mzee, umemfunga?" Namjibu nimemfunga. Anashukuru, anaingia. Ningekuwa na akili siku zile ningejua kwamba maneno ya ukutani yanauma hata kama nyuma yake hakuna meno.

Halafu kuna habari ya pevingi, na msione nimepotea njia, nitarudi. Ua wetu ulikuwa wa vumbi kama ua wowote wa Tunduma. Mwenye loji akamwaga matofali ya pevingi, mekundu na ya kijivu, akayapenda kuliko alivyowapenda wageni. Siku fundi anamaliza tu, akatoa amri: bajaji zisiingie ndani, zinavuja oili. Gari la mgeni, sawa. Bajaji iishie nje. Basi mgeni wa bajaji anateremka nje ya geti, anashusha mabegi yake kando ya barabara, analipa, anangoja chenji, ndipo anaingia kwa miguu. Mtu akiniuliza wizi ule ulitoka wapi, nitamwambia ulitoka kwenye pevingi. Lakini hakuna aliyeniuliza hivyo.

Nje ya geti, upande wa kulia, alikuwa anakaa mama mmoja akichoma mahindi. Mndali, kwao ni milimani huko Ileje, mjane, na watoto wake walikula kutokana na lile jiko. Jiko lenyewe lilikuwa ringi ya gari juu ya mawe. Mimi ni Mnyiha wa Mbozi, na tulikuwa hatupitishi siku bila kuchokozana.

"Baba," ananiambia asubuhi, "leo umevaa koti la nani?"

"La shemeji yako wa kule mlimani. Alilivua akikimbia baridi."

"Kwetu hatukimbii baridi sisi. Nyie watu wa kahawa ndio mnakimbia, mpaka mnakuja mjini kulinda mbwa asiyekuwepo."

Tunacheka, ananipa hindi lililoungua upande mmoja, lile ambalo mgeni hawezi kulinunua.

Lakini si mahindi tu. Geti letu ni la bati zito, halina hata tundu la maana. Mimi niko ndani, yeye yuko nje. Macho yangu ya nje yalikuwa yeye. Alikuwa na koleo la kugeuzia makaa, na mgeni akifika analigonga kwenye geti, taratibu, nami nafungua. Akiona mtu asiyemwelewa anazungukazunguka, anagonga kwa fujo, nami natoka na rungu langu. Hatukuwahi kukaa chini tukapatana hivyo. Ilianza yenyewe, kama majirani wanavyojua kikohozi cha kila mmoja. Mwenye loji hakujua kwamba ana mlinzi wa pili asiyemlipa kitu.

Siku ya wizi jua lilikuwa la alasiri. Kulikuwa na gari la mgeni, Noah, linatoka, nami nimeshika geti ili upepo usilirudishe likaikwangua. Bajaji ikasimama nje, upande wa pili wa Noah. Ndani alikuwa mgeni wetu wa siku nyingi, mama wa Zambia, yule aniitaye bashikulu, yaani babu kwa Kibemba, nami namwita bamayo, yaani mama. Akashusha furushi lake kubwa. Mkoba akauacha kwenye kiti cha bajaji, dereva akawa anatafuta chenji, na mgeni akageukia jiko la mahindi.

"Nichagulie laini," akamwambia mama wa mahindi. "Jana ulinipa la kuvunja meno."

"La leo hata bibi yako atalimung'unya," yule akamjibu.

Hapo hapo pikipiki ikaja na vijana, mmoja anaendesha na mwingine nyuma. Yule wa nyuma akaingiza mkono kwenye bajaji kwa upande wa barabarani, akauchukua mkoba kama anayechukua chake, na pikipiki ikaondoka kuelekea barabara kuu. Mimi niliona moshi wake tu. Aliyeona ni mama wa mahindi. Akapiga kelele, "Mwizi! Mwizi huyo!" na akanyakua hindi lililokuwa linawaka jikoni akalirusha. Likampata yule kijana mgongoni. Alipiga yowe, nikasikia mwenyewe. Katika watu wote waliokuwa pale, wenye miguu ya kukimbia na wenye bodaboda zao, ni huyo mmoja tu aliyefanya kitu, na alikifanya kwa bidhaa yake.

Mgeni alikaa chini akalia. Kwenye mkoba mlikuwa na simu na pasipoti. Meneja wetu akatoka. Ni binti mdogo, amesomea mambo ya hoteli, mpole, mimi namwita dada meneja. Akamwinua, akampa maji, akapiga simu polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha akaongozana naye kituoni. Huko mgeni akaandikisha maelezo, akapewa namba ya taarifa na hati ya kupotelewa ili awaonyeshe watu wa uhamiaji. Yote hayo yalifanywa vizuri, siwezi kusema uongo.

Ila huku nje watu walikuwa wamejaa, na watu wakijaa wanataka mtu. Wakamgeukia dereva wa bajaji: ilikuwaje akakaa tu? Naye kijana akaogopa. Nikamwona anaogopa, na mtu mwenye hofu anatafuta pa kuiweka.

"Mnaniuliza mimi?" akasema. "Muulizeni huyo wa mahindi! Yeye ndiye aliyemsimamisha abiria."

Basi. Mbegu hiyo.

Asubuhi yake nikaitwa ofisini nieleze nilichoona. Polisi kata alikuwa amekuja, mtu mzima mwenye sauti ya chini, ameweka kofia juu ya goti. Alikuwa ametazama kamera yetu. Kamera inatazama uani, kwenye magari na pevingi. Kwa nje ilinasa tu matairi ya Noah na kisigino changu. Nikaeleza, akaandika. Kisha dada meneja akasema ameandaa tangazo kwa wageni, maana usiku mzima wamekuwa wakimpigia kuuliza kama pana usalama. Akatusomea kwenye kompyuta. Mwanzo ulikuwa mzuri. Ulipofika katikati ukasema wageni wanatahadharishwa kuhusu wafanyabiashara ndogondogo wa getini, ambao inasadikiwa hushirikiana na wezi.

Nikavua kofia. "Dada meneja, samahani. Nani anayesadiki?"

"Dereva wa bajaji amesema, babu. Na mtaani wote wanasema."

"Dereva alikuwa anatazama wapi?"

Akarudisha macho kwenye kompyuta.

"Alikuwa anatazama mfukoni mwake," nikasema. "Anatafuta chenji. Yule mama ndiye aliyepiga kelele. Mtu anayeshirikiana na mwizi anamchoma mgongo?"

Polisi akacheka kidogo, kisha akarudi kuwa polisi. "Hiyo sentensi itoe, meneja," akasema. "Tangazo si hukumu. Andika kilichotokea, wapi, na lini. Andika mlichofanya. Mwambie mgeni afanye nini ajilinde. Usichokijua sema hakijafahamika. Mtuhumiwa usimwandike, upelelezi haujaisha, utatuharibia kesi na utajiletea kesi yako mwenyewe. Na aliyeibiwa usimtaje, wala nchi yake."

Dada meneja akafuta. Nilimwona akifuta kwa macho yangu, herufi zinarudi nyuma moja moja kama siafu wanaoingia shimoni. Nikapata nguvu, nikaongeza: "Na uandike kwamba kuanzia leo bajaji zitaingia mpaka ndani." Polisi akasema hilo ni la maana. Dada meneja akampigia mwenye loji, akaweka simu sauti ya juu ili wote tusikie.

"Oili haitoki kwenye tofali," mwenye loji akasema. "Waambieni wageni wawe makini."

Huo ndio ulikuwa mwisho wa hilo. Tangazo likatoka hivi, nalijua kwa moyo kama sala:

"Kwa wageni wetu wote. Tarehe iliyoandikwa hapo juu, wakati wa alasiri, mgeni mmoja aliporwa mkoba nje ya lango la loji alipokuwa akishuka kwenye bajaji. Hakuna aliyeumia. Waliohusika walikuwa kwenye pikipiki na bado hawajafahamika. Taarifa imetolewa polisi na kwa uongozi wa mtaa, nasi tunashirikiana nao. Tunawashauri mambo yafuatayo. Mkiwa njiani, pigeni simu mapokezi ili mlinzi awe tayari kuwapokea. Shikeni mizigo yenu mikononi kabla ya kushuka. Msisimame wala kununua kitu nje ya lango. Vitu vya thamani na hati za kusafiria mnaweza kuvihifadhi mapokezi na kupewa risiti. Mkiona jambo la kutia shaka msilifuatilie wenyewe, mwelezeni mlinzi au mapokezi. Tunaomba radhi kwa usumbufu. Uongozi."

"Limetulia hili," polisi akasema, akavaa kofia.

Na mimi niliona limetulia. Halina matusi, halina kelele, halimwonei mtu. Nikatoka nje kifua mbele kama niliyeshinda kesi ya shamba.

"Mama," nikamwambia, "nimekufuta."

"Umenifuta wapi tena, baba?"

"Kwenye tangazo. Walikuwa wamekuandika vibaya. Sasa jina lako halimo, kazi yako haimo, hata hindi moja halimo."

Akafurahi. Akaniambia leo nile zima, lisiloungua. Dada meneja alikuwa amenipa karatasi moja niibandike getini, chini ya "Mbwa Mkali". Nikaibandika, naye akasema nimsomee, maana yeye kusoma ndiyo hajui kabisa. Nikamsomea na kidole changu, neno kwa neno, yeye anapepea moto kwa ungo. Nilipofika kwenye msisimame wala kununua kitu nje ya lango, ungo ukasimama.

"Baba," akasema, "nje ya lango hili, nani mwingine anauza kitu?"

Mkinicheka mcheke. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, kama mtu anayetafuta. Kulikuwa na ukuta, mtaro, na yeye.

"Ni ushauri tu," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Wameshauriwa."

Kuanzia siku hiyo wageni wakawa wanashuka kwenye bajaji mabegi wameyakumbatia, shingo zimenyooka, wanalipita jiko kama wanapita makaburini. Kulikuwa na dalali wa mpunga, mnunuzi wa kila siku, mpenda pilipili na ndimu. Nikamuuliza, "Mheshimiwa, leo huli?" Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, si nyie wenyewe mmekataza? Kuna kitu mnakijua hapo." Ndivyo walivyosoma. Tangazo lilisema kidogo, nao kila mmoja akajazia pale palipobaki wazi, na wote wakajazia mtu yule yule. Lingemtaja, angalau angeweza kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa akasema nimechafuliwa, niitiwe aliyesema. Sasa aende akasemeje? Ameitwa nani?

Madereva wa bajaji nao wakaacha kumsalimu. Mwenyekiti wa mtaa alipita siku moja, akamwambia kwa upole kabisa asogee kidogo kule mbele, kwa muda, mpaka mambo yapoe. Kule mbele ni kwenye kona ya maji machafu. Hakusogea. Akakaa na mahindi yanakauka. Wakati mwingine nilinunua mimi, sina hata meno ya kutosha.

Lililoniuma zaidi ni koleo. Aliacha kugonga. Nikadhani amenikasirikia, nikamuuliza.

"Nikigonga leo, na kesho kukatokea kitu," akasema, "watasema nini? Watasema yule alikuwa anatoa ishara."

Nikarudi ndani nikafunga geti, nikakaa nyuma ya bati kama kipofu. Wageni wakawa wanapiga honi, wanapiga mluzi, wanapiga simu mapokezi, mapokezi wananiita mimi, na mgeni muda wote huo yuko nje na mizigo yake. Ndiyo tahadhari tuliyoipata.

Baadaye wale vijana wakakamatwa. Walikwapua tena, upande wa Chapwa, wananchi wakawazingira na polisi wakawawahi wakiwa hai. Simu ya mgeni wetu ikapatikana kwao. Polisi kata alikuja mwenyewe kumjulisha dada meneja, nami nikiwa nimesimama mlangoni. Akasema mtindo wao ni kufuata bajaji kuanzia mpakani, wanangoja abiria ashuke. Mtu wa getini hawamjui. Mmoja alikuwa na kovu jipya la kuungua mgongoni, akasema huku akinitazama.

Nikangoja aondoke. Nikamwambia dada meneja, "Sasa tuandike jingine."

"Jingine la nini, babu?"

"La kusema wamekamatwa, na yule mama hahusiki."

Akaweka kalamu. Sura yake haikuwa mbaya, ndiyo maana nashindwa hata kumchukia. "La kwamba wamekamatwa, wakishafikishwa mahakamani nitaangalia. Lakini huyo mama, babu, tangazo halikumtaja. Nikiandika hahusiki, wageni watauliza, kwani nani alisema anahusika? Tutamsafishaje mtu ambaye hatukumchafua?"

"Basi uondoe huo mstari wa kununua."

"Huo ni tahadhari tu. Tahadhari haimuumizi mtu. Na mwenye loji anasema tangu tulibandike hakuna mgeni aliyelalamika."

Nilisimama pale kofia mkononi. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, yote yakagonga pale kwenye tutamsafishaje, yakaanguka. Nimewahi kuona mti wa kahawa unakufa hivyo. Jani halina doa, shina halina tundu, mtaalamu wa kilimo anauzunguka anasema huu mzima, na wewe mwenye shamba unajua msimu ujao ni kuni.

Mama wa mahindi aliondoka asubuhi moja. Alilifunga jiko lake kwa kipande cha kanga, akalipandisha kwenye guta la kubebea mizigo pamoja na gunia la mkaa. Amehamia Nanyala, kwenye barabara kuu, anauzia abiria wa mabasi madirishani, ambako unakimbia na bakuli kichwani mpaka magoti yanaomba msamaha. Mtu wa rika lake.

Akanipa lile koleo.

"Chukua, baba. Ugonge mwenyewe."

"Nitagongaje nikiwa ndani?"

"Sasa hayo," akasema, "waulize walioandika."

Nilitaka achokoze hata kidogo, aseme neno juu ya koti langu au mbwa wangu. Hakusema. Guta likaondoka.

Siku hizi nimeongezewa kazi. Kwa kuwa si wageni wote wanasoma Kiswahili, na wengine hawasomi kabisa, mlinzi ndiye anapaswa kuwaambia kwa mdomo yaliyomo kwenye tangazo. Kwa hiyo nalisema, kila mgeni, kila bajaji. Mdomo ule ule.

Yule mama wa Zambia alirudi, na pasipoti mpya. Bajaji ikasimama pale pale, akashusha furushi, akageuka upande wa kulia. Akaona ukuta na doa jeusi chini.

"Bashikulu, bamayo wa mahindi yuko wapi?"

"Amehama."

"Amehama kwa nini? Si ndiye peke yake aliyenipigania? Nimemletea kitenge."

Akakitoa kweli, kitenge cha njano, akakishika hivi mbele yangu. Mkoba wake ulikuwa kwenye kiti cha bajaji. Dereva alikuwa anatafuta chenji. Nyuma yake barabara ilikuwa wazi na pikipiki zinapita, na upande wa nje wa geti hapakuwa na jicho hata moja zaidi ya haya yangu yenye ukungu.

"Bamayo," nikamwambia kama nilivyoagizwa, "tunawashauri wageni wasisimame hapa."

Akatazama tena lile doa jeusi. Kisha akachukua mkoba wake, akakirudisha kitenge kwenye furushi, akaingia ndani, akakanyaga pevingi.